Jibu: Pilipili mbuzi na vidole vinavyowaka

"Nimekula mishikaki na pilipili mbuzi, nikamaliza chupa nzima ya maji na moto ukabaki palepale. Vidole nilivyokatia bado vinawaka. Kwani vidole navyo vinaonja?"

Habari ndugu. Vidole havionji, na ukali ule hata ulimi hauuonji kama chumvi au sukari. Ni maumivu. Kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake, hufungua kipokezi cha neva ambacho kwa kawaida hufunguliwa na joto la takriban nyuzi 43, linaloanza kuumiza. Ubongo unaambiwa unaungua, wakati hakuna kilichoungua. Neva hizo zimejaa kwenye ngozi na macho pia. Mimi niliwahi kukata pilipili nikafikicha jicho. Mboga ya mlenda siku hiyo ilipikwa na mtu mwingine.

Maji ya baridi hutuliza yakiwa mdomoni tu, maana kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Sukutua maziwa au mtindi: mafuta na protini zake huinasa. Chai ya moto usiguse, kipokezi kile kitapigwa mara mbili. Vidole vipake mafuta ya kupikia, futa kwa karatasi, kisha osha kwa sabuni. Ukianza na maji matupu, unaisambaza tu.