Alizeti haiondoi madini ya risasi kwenye kiwanja cha gereji

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nasoma mipango miji. Kikundi cha kina mama kimeomba kulima mboga kwenye kiwanja kilichokuwa gereji na mahali pa kuvunjia betri za magari. Tulichota udongo sehemu mbalimbali, tukauchanganya kwenye ndoo moja, na maabara imesema una madini ya risasi miligramu 600 kwa kilo. Mshauri wao anasema wapande alizeti msimu mmoja, itafyonza sumu yote, kisha mboga zitakazofuata zioshwe na kuchemshwa vizuri. Kibali wanapewa cha mwaka mmoja mmoja. Je, inatosha?

Jibu: Marahaba. Haitoshi, na ushauri huo wa alizeti nimechoka kuusikia. Kila mara anayeutoa ni mtu ambaye hajawahi kukaa chini na kalamu akapiga hesabu. Tuipige sasa.

Chukua mita mraba moja ya kiwanja hicho, kina cha sentimita 20. Udongo wake una uzito wa kilo 260 hivi. Kwa miligramu 600 kwa kila kilo, hapo pana gramu 156 za risasi. Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200, basi tuseme nasi tunataka kufika 200. Inabidi tutoe gramu 104 katika kila mita mraba. Alizeti iliyostawi vizuri itakupa kama kilo moja ya mabua na majani makavu kwa eneo hilo. Tuwe wakarimu tuseme kila kilo imebeba miligramu 100 za risasi, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Ukivuna mara mbili kwa mwaka, utamaliza kazi baada ya miaka 520.

Sababu iko kwenye udongo wenyewe. Risasi hushikana na mboji, udongo wa mfinyanzi na fosfeti, na ile kidogo inayoingia kwenye mmea hubaki zaidi mizizini. Mimea ya kufyonza sumu ipo kweli: kangaga aitwaye Pteris vittata hukusanya aseniki kwa wingi. Lakini aseniki si risasi. Wapo wanaomwaga kemikali ya EDTA ili risasi iachie udongo na kupanda shinani, na sehemu kubwa yake huishia kuteremka na mvua kwenye maji ya chini ya ardhi. Halafu hakuna anayesema mabua hayo yapelekwe wapi. Nimewahi kukuta yamelishwa ng'ombe.

Sasa hilo la kuchemsha. Limetoka kwenye ushauri wa mboga zinazomwagiliwa maji taka, na huko lina maana: adui ni vijidudu na mayai ya minyoo, na moto huviua. Risasi ni elementi. Haifi, haiozi, haigeuki kitu kingine sufuriani. Kuosha kunasaidia kwa jambo moja tu, kuondoa chembe za udongo zilizoganda kwenye majani na mizizi, na hilo lifanywe daima. Kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitoki.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wote wawili, mshauri na anayeuliza, wanaitazama mboga. Kwenye kiwanja cha namna hii hatari kubwa haipiti kwenye mboga. Tunda la nyanya hukusanya risasi kidogo mno, hata kwenye udongo mbaya. Hatari ni vumbi na mikono. Mama anapalilia, mtoto wa miaka miwili ameketi pembeni ya tuta, anachezea udongo kisha anatia vidole mdomoni. Miligramu 50 za udongo huo, kiasi kinachoweza kujificha chini ya kucha, zina mikrogramu 30 za risasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hutumia mikrogramu 2.2 kwa siku kama kiwango cha rejea cha risasi kwa mtoto kutoka kwenye chakula. Hata mwili wake ukinyonya sehemu tu ya zile 30, bado ni nyingi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo anzeni upya na sampuli. Ndoo moja iliyochanganywa imewaficha jambo muhimu: huenda kona ya betri ina miligramu 3,000 na upande wa pili una 80. Gaweni kiwanja kwa historia yake: palipovunjwa betri, palipomwagwa mafuta, ukanda wa mita mbili kando ya kuta zenye rangi ya zamani, na sehemu iliyobaki. Kila sehemu iwe na sampuli yake, sentimita 15 za juu. Maabara iambiwe wazi ipime jumla ya risasi. Kipimo cha rutuba hakioneshi risasi kabisa, na nimeona watu wakipewa cheti cha rutuba wakakisoma kama cheti cha usalama.

Kona ya betri isilimwe. Ifunikwe, ikiwezekana kwa zege. Palipo na kiwango cha kati, jengeni matuta ya kuinuliwa: kitambaa kizito chini, juu yake sentimita 30 za udongo ulioletwa na kupimwa, na njia zote zifunikwe changarawe ili vumbi la zamani lisirudi juu. Mboji hushuka inapooza, hivyo kila mwaka ujazo uongezwe. Palipo na kiwango cha chini, chokaa ya kilimo hadi pH ifike 6.5 au 7, pamoja na mboji, hupunguza risasi inayopatikana kwa mmea. Hapo pandeni mazao ya matunda kama nyanya, si karoti. Na pawe na bomba la kunawia mikono kabla ya jembe la kwanza.

Hapo ndipo kibali cha mwaka mmoja kinapoharibu kila kitu. Tuta moja la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10 linahitaji mita 3.6 za ujazo za udongo. Nani ataleta lori la udongo kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa baada ya miezi 12? Atakwangua udongo uliopo na kumsikiliza muuza alizeti. Wapeni angalau miaka mitano kwa maandishi.

Wewe unayesomea mipango, angalia ramani za miji unazofundishwa. Maeneo yanayopakwa rangi ya kilimo ni yaleyale: kingo za barabara, mabonde ya mito, madampo ya zamani, viwanja vya viwanda vilivyofungwa. Wakulima hupewa ardhi ambayo wengine waliikataa, na mara nyingi ilikataliwa kwa sababu ambayo haijaandikwa popote. Mboga mbichi karibu na mlaji na udongo unaokunywa mvua ni faida za kweli, nami nazitetea vikaoni. Ila matokeo ya sampuli, kina kilichopimwa na ramani ya kona iliyofunikwa viwekwe kwenye jalada la kiwanja, si kwenye jalada la kikundi. Kikundi kitahama siku moja, na anayefuata anaweza kuja kuomba kibali cha kujenga shule ya chekechea.