Gridi kwanza, milango baadaye: kichochoro na chumba kwa mandhari ya katuni

Mandhari ya katuni huchorwa mara moja, lakini mhusika atatembea juu yake kwa mamia ya fremu. Kwenye picha ya kutundika ukutani, sakafu ikipinda kidogo hakuna atakayeuliza. Kwenye katuni kuna miguu inayoikanyaga sakafu hiyo, na kosa litajitokeza kila hatua.

Wengi wanaoanza huweka nukta ya kutoweka, pale inapokutania mistari inayokwenda mbali, popote panapopendeza, kisha wanakisia mistari mingine yote. Kabla ya nukta yoyote, amua mambo mawili: jicho la kamera liko juu ya ardhi kiasi gani, na liko umbali gani kutoka kwenye picha. Tuchukue fremu ya pikseli 1920 kwa 1080, na umbali wa jicho uwe pikseli 1660. Hapo mtazamo una upana wa digrii 60 hivi, na vitu vya pembeni bado havijaanza kuvutika. Umbali ukiwa 800, mtazamo unafika digrii 100, na mlango ulio ukingoni mwa fremu unatanuka kama mpira. Kuna wanaoutaka mvuto huo kwa makusudi, kwa mfano katika ndoto au hofu, lakini usikupate kwa bahati mbaya.

Sasa tuchore kichochoro cha Mji Mkongwe, Zanzibar, chenye upana wa mita 4, mabaraza pande zote mbili, na nukta moja ya kutoweka. Jicho liwe mita 1.5 juu ya ardhi. Chora mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho kwenye picha, pikseli 600 kutoka juu. Chini yake zinabaki 480. Kwa kuwa pikseli hizo 480 ni mita 1.5, kwenye ukingo wa chini wa fremu mita moja ni pikseli 320. Hicho ndicho kipimo chako, na vingine vyote vitatoka hapo.

Nukta ya kutoweka ikae katikati ya upeo, yaani 960 kutoka kushoto. Kwenye ukingo wa chini weka alama kwenye 320, 640, 960, 1280 na 1600. Hizo ni mita 4 za upana wa njia. Kutoka kila alama vuta mstari hadi nukta ya kutoweka. Umepata mistari inayokwenda mbali. Bado ile ya kukata njia, na hapa ndipo wengi hukisia.

Usikisie. Kutoka nukta ya kutoweka hesabu pikseli 1660 kwenda kulia juu ya upeo. Utatoka nje ya fremu, kwa hiyo panua turubai. Hiyo ni nukta ya mshazari. Vuta mstari kutoka alama ya kushoto kabisa, ile ya 320, hadi kwenye nukta hiyo. Kila unapokata mstari wa mita, pita hapo na mstari wa mlalo: huo ni mita moja zaidi ndani. Ukifika mstari wa mwisho wa kulia umeingia mita 4. Rudi ukuta wa kushoto kwa kina hicho, vuta mshazari mpya hadi nukta ile ile, na umepata mita 4 nyingine.

Tazama matokeo. Mita 4 za kwanza zinachukua pikseli 209 za urefu, mita 4 zinazofuata 82, na zinazofuata tena 44. Mkono unaokisia hupenda kugawa nusu kila mara: 240, 120, 60. Ndiyo maana sakafu ya kukisia huonekana kama inapanda kilima.

Kwa milango, pima urefu pale ukingoni tu. Mlango wa mita 2.1 ni pikseli 672, kwa hiyo kilele chake kiko 408 kutoka juu ya fremu. Vuta mstari kutoka hapo hadi nukta ya kutoweka, na milango yote ya ukuta huo itafikia mstari huo. Baraza la nusu mita ni pikseli 160, kwa njia hiyo hiyo. Upana wa mlango unaupata kwa kupandisha mistari ya sakafu wima ukutani.

Vichochoro vya Mji Mkongwe, hata hivyo, havinyooki. Ukuta unaopinda una nukta yake nyingine ya kutoweka, pembeni kidogo, lakini kama ardhi ni tambarare nukta hiyo haiachi mstari wa upeo. Ni njia inayopanda au kushuka pekee ambayo mistari yake hukutana juu au chini ya upeo, na hata hapo vizingiti na madirisha hubaki vikifuata upeo wa kawaida.

Mstari huo wa upeo ndio unaopima wahusika pia. Jicho likiwa mita 1.5, upeo unamkata kila mtu aliyesimama kwenye ardhi tambarare mita 1.5 juu ya nyayo zake, awe karibu au mbali. Mtu mzima wa mita 1.65 hukatwa karibu na macho. Mtoto wa mita moja kichwa chake hufika theluthi mbili ya njia kutoka nyayo hadi upeo. Ukiona mtu wa mbali amekatwa kifuani na wa karibu machoni, na wote ni warefu sawa, mmoja wao anaelea.

Mwendo nao unafuata gridi. Mhusika akija kwetu kwa kasi moja, usimsogeze pikseli sawa kila hatua: atakuwa anakimbia kule mbali na kujikokota akikaribia. Hesabu hatua zake kwa mistari ya sakafu.

Chumba kinachoonekana kwa kona kinahitaji nukta mbili, lakini jicho ni lile lile. Chini ya katikati ya upeo, shuka pikseli 1660 na uweke alama. Weka kona ya karatasi ya mraba kwenye alama hiyo; pande zake mbili, zikirefushwa, zitakata upeo kwenye nukta mbili. Ukiizungusha hadi nukta ya kushoto iwe ukingoni mwa fremu, pikseli 960 kutoka katikati, ya kulia itaangukia 2870 hivi upande wa pili. Anayeziweka zote mbili ndani ya fremu amelileta jicho karibu mno, na meza yake itachongoka mbele kama ncha ya mkuki.

Kuna mtego mmoja wa chumba. Nje ya nyumba, ukuta wa kushoto hufuata nukta ya kushoto. Ndani ya chumba ni kinyume: ukuta wa kushoto unakimbilia kona iliyo kulia kwake, kwa hiyo mistari yake hufuata nukta ya kulia, na ukuta wa kulia hufuata ya kushoto. Ukikosea hapo, chumba kinageuka kuwa sanduku linaloonekana kwa nje.

Kitanda kilichowekwa mshazari chumbani hakifuati nukta za kuta. Rudi kwenye alama ile ya chini, zungusha karatasi kwa pembe ya kitanda, na upate jozi yake ya nukta kwenye upeo ule ule.

Kwa wanaotumia Krita, chombo cha `Assistant Tool` kina `Vanishing Point` na `2 Point Perspective`. Washa `Snap to Assistants` kwenye brashi. Wanaochora kwa mkono wabandike pini mezani kwenye nukta ya mbali na kufunga uzi. Kwa vyovyote, gridi ibaki kwenye leya yake, imefungwa, na mkabidhi mchoraji wa wahusika pamoja na mandhari. Iandikie pembeni: upeo mita 1.5, jicho pikseli 1660.