Fungu la chakula na regresheni ya beta: pale wageni wanapojikwaa

Mara ya kwanza nilipotumia regresheni ya beta niliandika kwenye ripoti kwamba kipato kikiongezeka kwa kipimo kimoja, fungu la chakula, yaani sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula, hupungua kwa pointi 1.2 za asilimia. Nilikuwa nimeiona namba -0.0123 kwenye jedwali, nikaizidisha kwa mia, nikaridhika. Jibu sahihi lilikuwa kama robo ya pointi. Msimamizi wangu hakunikemea. Aliniuliza tu: kwa kasi hiyo, familia ikipanda vipimo thelathini itabaki inakula nini?

Data yenyewe unaweza kuifungua leo. Imo ndani ya kifurushi cha betareg cha R, inaitwa FoodExpenditure: kaya 38 za jiji moja kubwa la Marekani, kila moja na matumizi yake ya chakula, kipato chake na idadi ya watu wake. Silvia Ferrari na Francisco Cribari-Neto waliitumia mwaka 2004 katika makala iliyoipa regresheni hii sura tunayoitumia hadi sasa. Kinachoelezwa ni chakula kugawa kwa kipato, namba ambayo haiwezi kwenda chini ya sifuri. Regresheni ya kawaida haijui mpaka huo. Mstari wake unanyooka tu, na kwa kaya tajiri za kutosha utakuambia zinakula hasi. Regresheni ya beta inabaki kati ya sifuri na moja.

```r
library(betareg)
data("FoodExpenditure", package = "betareg")
m1 <- betareg(I(food/income) ~ income + persons,
              data = FoodExpenditure)
summary(m1)
```

Utapata namba ya kuanzia -0.623, kipato -0.0123, idadi ya watu 0.1185, na chini kabisa kitu kinaitwa phi, 35.6. Usiandike chochote kwenye ripoti bado. Namba tatu za mwanzo haziko kwenye kipimo cha fungu. Ziko kwenye logiti: yaani logi ya sehemu iliyokwenda kwenye chakula kugawa kwa sehemu iliyobaki. Ili upate fungu lazima urudi nyuma.

Chukua kaya ya watu 4 yenye kipato cha 60 katika kipimo cha data hiyo. Unajumlisha -0.623, kisha 60 mara -0.0123, kisha 4 mara 0.1185, unapata kama -0.887. Kuirudisha:

```r
plogis(-0.887)
```

Inatoka 0.292. Kaya hiyo inatarajiwa kutumia asilimia 29 ya kipato kwa chakula. Ipandishe hadi 80 bila kubadili idadi ya watu, utapata 0.244. Vipimo ishirini vimeshusha pointi karibu 5, si 25 kama ripoti yangu ilivyodai. Sasa ianze chini: kutoka 20 hadi 40, fungu linatoka 0.403 hadi 0.345, karibu pointi 6. Nyongeza ni ileile, athari tofauti. Ndiyo maana hakuna namba moja ya kuandika. Taja kaya ya mfano, au pitisha kaya zote 38 kwenye predict() mara mbili, mara ya pili ukiwa umeongeza kipato, kisha chukua wastani wa tofauti. Mimi napendelea kaya ya mfano, kwa sababu anayesoma ripoti anaweza kuiona akilini.

Mwelekeo wenyewe si mgeni. Ernst Engel aliueleza mwaka 1857: kaya ikizidi kuwa na uwezo, fungu la chakula hushuka, hata kama fedha yenyewe ya chakula inapanda. Ishara ikitoka kinyume, kagua data kabla ya kufurahia uvumbuzi.

Sasa hiyo phi. Wengi huiruka, nami niliiruka miaka. Inasema jinsi kaya zinavyojikusanya karibu na wastani wao: ikiwa kubwa, zimekusanyika, ikiwa ndogo, zimetawanyika. Kwa wastani μ, varianzi ni μ(1-μ)/(1+φ). Kwenye kaya yetu ya 0.292, ukiweka 35.6 na kutafuta kipeuo cha pili, mkengeuko ni kama 0.075. Kwa hiyo kuona kaya kama hiyo ikitumia asilimia 22 au 37 si ajabu hata kidogo. Na angalia fomula: fungu likikaribia sifuri, mtawanyiko unabanwa wenyewe. Kwa wastani wa 0.05 mkengeuko unashuka hadi kama 0.036. Hilo regresheni ya kawaida hailifanyi, maana inadhani kila kaya inatawanyika sawa.

Lakini m1 nayo ina dhana yake: phi moja kwa wote. Je, kaya ya mtu mmoja na kaya ya watu saba zina utulivu sawa? Waulize:

```r
m2 <- betareg(I(food/income) ~ income + persons | persons,
              data = FoodExpenditure)
lmtest::lrtest(m1, m2)
```

Kilicho baada ya mstari wima kinaeleza phi. Logi ya uwezekano inapanda kutoka karibu 45.3 hadi 49.2 kwa kigezo kimoja tu cha ziada, na thamani ya p iko chini ya 0.01. Phi hazifanani. Ukiacha hilo, wastani hautaharibika sana, ila makosa sanifu unayoripoti yanakuwa ya kubahatisha.

Ukihama kutoka data hii safi kwenda kwenye data ya uwandani, kwenye matoleo ya zamani ya betareg kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni ujumbe huu:

```
invalid dependent variable, all observations must be in (0, 1)
```

Beta haipokei sifuri kamili wala moja kamili. Kabla ya kutafuta dawa, tafuta chanzo. Thamani inayozidi moja mara nyingi inatokana na kigawanyo. Kaya ya mkulima uliyoihoji miezi mingi baada ya mavuno inaweza kula zaidi ya kipato cha mwezi huo, kwa akiba au kwa mkopo. Hapo gawa kwa jumla ya matumizi badala ya kipato, na usisahau kuthamini mahindi yaliyotoka ghalani kwao pande zote mbili, juu na chini ya mgawanyo. Sifuri kwenye chakula chote ni dodoso lenye kasoro karibu kila mara. Sifuri kwenye samaki pekee ni kitu kingine: kaya hiyo haikununua samaki, na hilo ni jibu.

Kuna njia ya mkato maarufu, kubadilisha y kuwa (y(n-1)+0.5)/n. Ninaiogopa kwa sababu moja. Ukiwa na kaya 38, sifuri inageuka 0.013, ambayo kwenye logiti ni -4.3. Ukiwa na kaya 10,000, sifuri ileile inageuka 0.00005, yaani -9.9. Kaya haijabadilika, lakini inavuta mstari kwa nguvu zaidi kwa sababu tu umehoji watu wengi. Sifuri zikiwa mbili tatu, jaribu ukiwa nazo na ukiwa umeziondoa, ulinganishe. Zikiwa sehemu kubwa ya data, gawa swali: kwanza nani alinunua samaki, kwa logiti ya kawaida, kisha walionunua walitumia fungu gani, kwa beta.