Kabla ya kutaja mshahara, uliza kwanza: ghafi au mkononi?

*Nimemaliza shahada ya uhasibu, nilisoma kwa mkopo wa Bodi. Kampuni ya usambazaji hapa Dar es Salaam imenipa ofa yangu ya kwanza: mhasibu msaidizi, 900,000 kwa mwezi. Mimi nilikuwa nalenga 750,000 mkononi, kwa hiyo naona wamenizidishia. Lakini video nyingi zinasema ofa ya kwanza haikubaliwi, unataja mara mbili ili wakushushe. Niwaandikie nataka 1,800,000? Na mbali na mshahara niombe nini?*

Hawajakuzidishia, ndugu yangu. Wamekupa pungufu ya ulicholenga, na kosa hili nakutana nalo kwa wahitimu karibu kila wiki, hata wahasibu ambao kazi yao itakuwa kuwakokotolea wenzao makato.

Barua ya ofa ikitaja kiasi bila maelezo, chukulia ni ghafi, yaani kabla ya makato. Tufanye hesabu kwa viwango vya Tanzania Bara, tukichukulia kiasi chote ni mshahara wa msingi. NSSF wanakata asilimia 10, yaani 90,000. Kodi hupigwa kwenye kinachobaki, 810,000. Kipato hicho kiko kwenye daraja la 760,000 hadi 1,000,000, ambako unalipa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Jumla ni 80,500. Bodi ya Mikopo nayo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na hapa inakokotolewa kwenye 900,000 yote, hivyo 135,000 inaondoka. Mkononi utapata 594,500. Ili ufikie 750,000 unahitaji ghafi ya 1,200,000 na kidogo, maana 1,200,000 kamili inakupa 748,000.

Angalia pia kinachotokea ukiongezewa laki moja. Kutoka 900,000 hadi 1,000,000, mkononi unapanda kutoka 594,500 hadi 647,000 tu. Unavutana kwa laki, unaondoka na 52,500. Kwa hiyo sehemu ya majadiliano yako iwe kwenye mambo ambayo makato hayayafikii.

Sasa hiyo 1,800,000. Wanaouza ushauri huu hawajawahi kukaa upande wa pili wa meza. Nafasi ya mhasibu msaidizi huwa imetengewa fungu kabla tangazo halijatoka, lenye chini na juu yake, na afisa rasilimali watu ana ruhusa ya kusogea ndani ya fungu hilo. Ukitaja kilicho juu kidogo ya ofa, anaweza kusogea mwenyewe au kumwomba bosi wake bila aibu. Ukitaja mara mbili, hana cha kumpelekea bosi. Hakushushi kama mnunuzi wa mitumba pale Karume. Anahitimisha kwamba hujui soko, kisha anampigia aliyekuwa wa pili kwenye usaili. Vibaya zaidi ni wale wanaowafundisha vijana kudai wana ofa nyingine ambayo haipo. Mwajiri anaweza kuomba kuiona barua hiyo, na kwa mtu atakayeshika vitabu vya fedha, uongo wa namna hiyo unamaliza mambo.

Utafiti wa soko ni kazi ya siku mbili tatu. Tafuta watu watano au sita walioanza kazi ya aina hii ndani ya miaka miwili iliyopita, katika kampuni za ukubwa unaofanana na hii, mji huo huo. Usimwulize mtu analipwa kiasi gani, atakudanganya au atanuna. Mwulize, "Mtu anayeanza nafasi hii kwenye kampuni kama yenu huanzia ngapi hadi ngapi, kabla ya makato?" Maneno matatu ya mwisho usiyaache, vinginevyo utachanganya ghafi za wengine na mkononi wa wengine, na wastani utakaopata hautakuwa na maana. Majibu ya benki kubwa na mashirika ya kimataifa yaweke pembeni, hayo ni soko jingine. Kima cha chini cha serikali nacho kisikupotoshe: kinaweka sakafu ya sekta nzima, hakisemi mhasibu mwenye shahada anastahili nini.

Tuseme majibu yanaonyesha wengi huanzia kati ya 900,000 na 1,200,000. Basi ofa yako iko kwenye ngazi ya chini kabisa ya soko, na una hoja. Taja 1,050,000 hadi 1,200,000. Mwajiri atasikia ile namba ya chini, kwa hiyo iwe namba utakayoifurahia kweli: 1,050,000 inakuachia 673,250. Kiwango ambacho chini yake utakataa kipange nyumbani kwa kujumlisha kodi ya chumba, nauli na chakula, na usimtajie mtu. Kisha piga simu kwanza, halafu thibitisha kwa barua pepe fupi: unashukuru, unaitaka kazi, umeulizia soko la nafasi hii kwa kampuni za ukubwa huu, unaomba waangalie kati ya 1,050,000 na 1,200,000 kabla ya makato. Usiandike habari za kodi ya nyumba wala wazazi wanaokutegemea. Hayo hayamsaidii afisa kuitetea namba yako.

Wakisema fungu limeisha, hamia kwenye stahili nyingine. Kwa mhasibu ya kwanza ni mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu: waombe walipie ada na wakupe siku za mtihani, ambao hufanyika Mei na Novemba. Uliza kama kuna sharti la kurudisha fedha ukiondoka mapema, na kwa muda gani. Ya pili ni bima ya afya. Ikitolewa kwa wafanyakazi wote kwa masharti yale yale, haihesabiwi kwenye kipato cha kodi, na ndivyo ilivyo pia kwa chakula cha kantini ya kazini kilicho wazi kwa wote. Posho ya usafiri ya fedha taslimu inakatwa kodi kama mshahara, kwa hiyo basi la kampuni lina faida kuliko posho. Ya tatu ni kupitiwa mshahara baada ya kipindi cha majaribio, na iandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya "tutaona" haina tarehe. Likizo ya siku 28 ni haki yako kisheria, usikubali ihesabiwe kama wamekuongezea kitu.

Wakikugawia mshahara, mfano 700,000 ya msingi na posho 200,000, makato ya Bodi yatashuka na mkononi utaona nafuu. Lakini malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo utapungukiwa huko.

Na yupo mwajiri atakayekuambia, "Sisi tunakupa 750,000 safi, hatukati chochote." Vijana wanalipokea hili kama zawadi. Maana yake mara nyingi ni kwamba hakuna michango ya NSSF, pamoja na asilimia 10 ambayo yeye mwenyewe anapaswa kuongeza juu, hakuna kodi iliyopelekwa TRA, na deni lako la Bodi limekaa pale pale likisubiri. Kama kweli anamaanisha mkononi, aandike ghafi yake na kila kato kwenye mkataba. Akikataa kuandika, usisaini. Akiandika, baada ya mshahara wa pili wa tatu nenda NSSF na namba yako ya uanachama uangalie kama michango imeingia, kwa sababu kukatwa kwenye hati ya mshahara na kufika kwenye mfuko ni mambo mawili.