Siagi huoshwa au husuuzwa?

*"Naandika maelekezo ya siagi ya nyumbani kwa kikundi chetu cha kina mama. Niliandika: 'Osha siagi, kisha kamua mtindi.' Mwenzangu anasema siagi husuuzwa na kukandwa, wala haikamuliwi. Nani yuko sahihi?"*

Kwenye kusuuza, mwenzako amekushinda. Ukimwambia mtu aoshe, atasugua, kwa kuwa kuosha kunaondoa uchafu. Chembe za siagi hazina uchafu, zimelowa mtindi tu, nao huondoka kwa kupitishiwa maji, kama povu la sabuni kwenye nguo iliyokwisha kufuliwa. Hiyo ndiyo suuza.

Kwenye kukamua, nyote mmesema kweli nusu. Kanda ni kazi ya mkono. Kamua ni kutoa kilichomo. Siagi hukandwa, mtindi hukamuliwa.

Tatizo kubwa liko kwenye neno ambalo hamkugombania. Mtindi wa asili ni maziwa yaliyotolewa siagi, lakini msomaji wenu wa leo ataiwaza pakiti ya dukani, ambayo ni maziwa ya kugandishwa. Andikeni mara moja "mtindi, yaani maziwa yanayobaki siagi ikishatoka", kisha mwendelee nalo.

Nimewahi kuharibu siagi mwenyewe, basi niseme na la jikoni. Lita moja ya malai ilinipa siagi kama gramu 400. Acha kusukasuka chembe zikiwa kama punje za ngano. Zikishashikana bonge, mtindi umefungiwa ndani na maji hayaufikii. Chuja, mimina maji baridi yaliyochemshwa yakapoa, kiasi kile kile cha mtindi uliotoka, koroga taratibu, mwaga. Rudia mara mbili tatu, hadi maji yatoke meupe kama yalivyoingia. (Hapo nako pana mtego: "maji meupe" kwetu ni maji maangavu, lakini mbele ya maziwa mtu ataelewa rangi ya maziwa. Andikeni "maangavu".) Mimi nilitumia maji ya uvuguvugu. Chembe zililainika zikagandamana, na siku ya nne siagi ilikuwa imechacha, kwa sababu vijidudu hula sukari na protini za mtindi uliosalia.

Ukandaji nao una neno lake. Mwiko wa mbao ulioloweshwa maji baridi *hugandamiza* siagi, haupaki. Ukiipakapaka huku na huku inakuwa ya kunata kama marhamu. Chumvi gramu 8 inatosha kwa hizo 400, nayo husaidia matone kujikusanya na kutoka. Ikate kwa kisu: matone ya rangi ya maziwa yakionekana, endelea, yakiwa maangavu au hakuna, acha. Maji kidogo yatabaki tu, maana njia ya kuyamaliza ni kuichemsha, na hapo mtakuwa mnaandika habari za samli.

Sentensi yenu basi iwe: "Suuza chembe za siagi kwa maji baridi mpaka maji yatoke maangavu, kisha zikande kwa mwiko ili kukamua mtindi uliobaki."