Poli za obzava: usiende -400 kabla hujapima noizi ya kihisi chako

"Wakuu, nina mota ndogo ya volti 12 yenye potenshiometa kwenye shafti, naiendesha kwa Arduino. Poli za kontrola nimeweka -20±20j, simulesheni iko vizuri. Kasi siipimi, nataka kuikadiria kwa obzava kamili. Mwalimu kasema poli za obzava ziwe mbali kadiri inavyowezekana, nimeamua zote mbili ziwe -400. Kuna shida?"

Shida ipo, tena kubwa. Usiipakie hiyo -400 wakati mota imefungwa kwenye gia. Ushauri huo huo wa "mbali kadiri inavyowezekana" tulipewa chuoni, na ulitusagia gia ya plastiki ya mradi mzima. Aliyetupa alituonyesha grafu safi ubaoni, kadirio linaidaka kasi halisi kufumba na kufumbua, akaondoka. Mota yenyewe hakuiwasha mbele yetu hata siku moja. Bado inaniuma, kwa sababu naona somo hilo linaendelea kufundishwa vile vile.

Kwenye simulesheni yako kihisi hakina noizi. Ndiyo maana kila ukisukuma poli kushoto grafu inazidi kupendeza. Hakuna kitu humo cha kukuambia usimame.

Nitumie mota yetu, ambayo haiwezi kuwa mbali na yako. Modeli yake ilikuwa hivi:

```
θ' = ω
ω' = -10ω + 50u
```

Kwa poli -20±20j, geini za kontrola ni k1 = 16 na k2 = 0.6. Obzava ni nakala ya modeli hiyo inayokimbia ndani ya kodi, na kila mzunguko unairekebisha kwa tofauti kati ya pembe uliyosoma na pembe iliyokadiriwa. Tofauti hiyo inazidishwa kwa l1 kurekebisha pembe, na kwa l2 kurekebisha kasi. Poli zote mbili zikiwa -p, hesabu inatoa:

```
l1 = 2p - 10
l2 = (p - 10)^2
```

Tazama l2. Inapanda kwa mraba. Ukiweka p = 80, yaani mara nne ya sehemu halisi ya poli za kontrola, l2 ni 4900. Ukiweka p = 400, l2 ni 152100. Poli umezisogeza mara tano tu, lakini geini inayogusa kasi imekua mara 31.

Sasa leta kihisi. Pini ya analogi ya Arduino inatoa namba 0 hadi 1023, na potenshiometa ya nyuzi 300 ina maana kila namba moja ni karibu nyuzi 0.29. Mota ikiwa imezimwa, usomaji unatulia. Iwashe, mikondo inayokatwa na kuwashwa ianze kupita jirani na waya wa kihisi, na utaona usomaji unaruka namba tano hivi bila shafti kusogea. Namba tano ni radiani 0.0256.

Mruko mmoja wa aina hiyo, wa sampuli moja tu, kitanzi kikizunguka kila milisekunde 2, unaongeza kwenye kasi iliyokadiriwa kiasi cha l2 × 0.0256 × 0.002. Kwa p = 400 hiyo ni radiani 7.8 kwa sekunde. Zidisha kwa k2, unapata volti 4.7. Shafti imesimama, hakuna aliyeigusa, na kontrola imeamuru volti 4.7 kati ya 12 ulizonazo kwa sababu ya noizi. Sampuli inayofuata usomaji unarudi mahali pake na amri inageuka upande wa pili. Mota inapigwa mbele na nyuma namna hiyo mfululizo, inanguruma, inachemka huku haiendi popote, na meno ya gia yanagongana hadi yanakatika. Kwa p = 80, mruko ule ule unazaa volti 0.15. Hutausikia.

Kuna mtu atakuja hapa kusema kanuni ya utengano inaruhusu: poli za kontrola na za obzava hazigusani, chagua kila moja kivyake. Ni kweli kuhusu poli, modeli ikiwa sahihi. Kuhusu noizi kanuni hiyo haisemi neno. L inaichukua noizi kutoka kwenye kihisi, K inaipeleka kwenye mota, na unachokisikia ni zao la hizo mbili. Luenberger alichapisha wazo la obzava mwaka 1964, na Kalman mwaka 1960 alikuwa tayari ameonyesha namna ya kuchagua geini kwa kupima noizi ya kihisi dhidi ya kutoaminika kwa modeli. Kwa hiyo anayefundisha "mbali kadiri inavyowezekana" bila kutaja kihisi hana kisingizio.

Obzava kuwa na kasi kuliko kontrola ni lazima, sipingi hilo. Ikiwa polepole, kontrola inafanya kazi na kasi ambayo bado haijakadiriwa sawasawa, na mwitikio unayumba. Lakini mara mbili hadi nne inatosha kwa kihisi kama chako. Kanuni yangu ni moja: kabla ya kukubali poli, zidisha l2 kwa mruko wa kihisi, kwa muda wa sampuli, kwa k2. Jibu ni volti. Likizidi asilimia 5 ya volti za umeme wako, rudisha poli karibu, au kwanza tibu noizi yenyewe kwa waya mfupi na kapasita kwenye pini.

Jambo lingine litakalokuangusha na -400 ni mwanzo. Tuseme shafti iko kwenye radiani 1 na kadirio la pembe umelianzisha kwenye sifuri. Mzunguko wa kwanza tu obzava itadai kasi ni radiani 304 kwa sekunde, wakati mota hii kwa volti 12 haipiti 60. Anzisha kadirio la pembe kwa usomaji wa kwanza. Na unapoipa obzava u, mpe ile iliyokwisha kukatwa kwenye volti 12, ambayo mota imeipata kweli, siyo ile kontrola iliyotamani.

Angalia pia kitanzi chako. `Serial.print` kwa kasi ya 9600 inakula karibu milisekunde moja kwa kila herufi, na bafa ikijaa kitanzi kinasubiri. Ukifika milisekunde 5 kwa njia ya Euler, poli ya -400 inakuwa 1 - 400 × 0.005, yaani -1 kamili. Kosa la makadirio halifi tena, linabadilisha alama kila mzunguko. Kwa -80 unabaki na 0.6, salama.

Kwenye MATLAB usiandike poli mbili zinazofanana, `place` itazikataa kwa kuwa una kipimo kimoja. Zitenganishe kidogo:

```
A = [0 1; 0 -10];
C = [1 0];
L = place(A', C', [-78 -82])'
```

Utapata L karibu na 150 na 4900. Pakia hizo kwanza. Kisha washa mota, shika shafti isisogee, rekodi usomaji wa pini kwa sekunde kumi na ulete hapa kiwango cha juu na cha chini, tuone kama kuna nafasi ya kusogea hata kufika -100.