Sera mpya ya likizo: nani inamgusa, kuanzia lini?

"Tumetoa waraka wa sera mpya kwa wafanyakazi wote. Wiki nzima napigiwa simu kuulizwa kimebadilika nini. Hawa watu hawasomi?" (Ofisa rasilimali watu, Dodoma)

Wanasoma. Waraka ulionitumia una kurasa tatu, na aya mbili za kwanza zinamsifu mkurugenzi. Badiliko lenyewe nimelikuta ukurasa wa mwisho. Anza nalo: "Mama atakayejifungua mtoto njiti atapewa wiki zilizobaki kufikia wiki 40 za ujauzito, ndipo siku zake 84 za likizo ya uzazi zianze. Zamani alikuwa na zile 84 tu." Kisha weka hesabu. Aliyejifungua wiki ya 32 amebakiza wiki 8, yaani siku 56. Jumlisha 84, anapata siku 140. Hapo hata mlinzi wa getini hakupigii simu. Na msilitangaze kama zawadi ya kampuni. Sheria ya kazi ilirekebishwa mwaka 2025.

"Kwenye siku 28 za likizo ya mwaka, wikiendi zinahesabiwa?"

Zinahesabiwa, na sikukuu pia. Sheria inasema siku 28 mfululizo. Swali hili naletewa kila mwezi, jamani.

"Makao makuu yetu yako Nairobi, na sera mpya inatupa siku 21. Sisi wa Dar tumepunjwa?"

Mnaingia kazini siku ngapi kwa wiki? Siku 21 za Kenya ni za kazi, 28 za Tanzania ni za kalenda. Karani wa Jumatatu hadi Ijumaa hajapunjwa: siku 21 za kazi kwake ni wiki nne na siku moja. Fundi wa karakana anayeingia mpaka Jumamosi anazimaliza kwa wiki tatu na nusu. Huyo kapunjwa, na kampuni haiwezi kushuka chini ya 28 hata kama amesaini. Kwa hiyo tangazo lisiishie kwenye "wafanyakazi wote". Litaje wa siku tano na wa siku sita, kila kundi na lake. Tena wa siku tano waandikiwe "siku 21 za kazi". Wakiandika "siku 21" tupu, kuna msimamizi atazihesabu na Jumapili ndani.

"Tukiandika 'inaanza mara moja' kuna ubaya?"

Upo. Andika tarehe, halafu useme inahesabiwa vipi. Sera ikianza 1 Julai, mtu aliyeomba Juni likizo ya Agosti anafuata ipi? Usiposema, msimamizi wa Mwanza ataamua hivi, wa Mbeya vile, na mtakutana CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Mimi ningeandika kwamba kinachoangaliwa ni siku ya kwanza ya likizo, si siku ya kujaza fomu. Aliyeko likizoni tayari mpigie simu umweleze, maana yeye hapiti kwenye ubao wa matangazo.